Msimbo P0299 na gari linalolegea mlimani: tafuta hewa inakopotelea kabla ya kununua turbo

Mama mmoja anayenunua viazi Kabale na kuviuza Kampala aliniletea pikapu yake, ya dizeli ya lita 2.5. Dereva wake alinieleza hivi: "Mzee, likiwa tupu linakimbia vizuri. Nikipakia magunia na kuanza kupanda kutoka Ntungamo, linatoa moshi mweusi, taa ya injini inawaka, na baada ya hapo halipiti kilomita 50 kwa saa. Nikisimama, nikazima na kuwasha tena, nguvu inarudi, lakini mlima unaofuata ni yale yale." Mama mwenyewe alikuwa na swali moja tu: "Fundi, turbo imekufa? Nimeambiwa nikatafute nyingine soko la Kisekka."

Turbo haikuwa imekufa. Nitaifuata pikapu hiyo mwanzo hadi mwisho, kwa sababu tatizo lake ndilo ninaloliona mara nyingi zaidi, na kwa sababu vipimo vyake vinaonyesha jambo linalowapotosha mafundi wengi wa Uganda: hewa yetu ni nyepesi kuliko ile ambayo maelezo mengi ya mtandaoni yameandikiwa.

Msimbo unasema nini, na hausemi nini

Turbo ni magurudumu mawili madogo kwenye shafti moja. Moshi wa moto unaotoka injini unazungusha gurudumu la kwanza, na la pili linavuta hewa safi na kuisukuma kuelekea injini. Hewa hiyo inapita kwenye mpira, inaingia intakula ikapozwe, inapita mpira mwingine, kisha inaingia kwenye manifoldi. Hapo pana sensa inayopima shinikizo. Kompyuta inajua shinikizo linalotakiwa kwa kila mwendo na kila mzigo. Ikiona kwa sekunde kadhaa kwamba shinikizo halisi liko chini sana ya hilo, inaandika P0299, inawasha taa, na inapunguza dizeli ili injini isiendelee kuchoma mafuta mengi kwa hewa kidogo. Nguvu iliyopotea baada ya taa kuwaka imeondolewa na kompyuta makusudi. Moshi mweusi kabla ya taa ndio uliokuwa ukionyesha tatizo lenyewe: dizeli imeingia, hewa haikutosha.

Kwa hiyo P0299 maana yake ni kwamba hewa haikufika. Iliishia wapi njiani, msimbo haujui. Huenda mpira umepasuka, vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza inayoongoza turbo, haitoshi, mapezi madogo yanayoelekeza moshi ndani ya turbo yameganda kwa masizi, au turbo kweli imechakaa. Tunaanza na vitu vya bei ndogo na vinavyofikika kwa urahisi, na turbo tunaiacha mwisho.

Kabla ya kugusa spana: soma ilichoandika kompyuta

Unahitaji skana. Hata kile kifaa kidogo cha ELM327 kinachounganishwa na simu kinatosha kuanzia. Usifute msimbo kwanza. Fungua ukurasa wa "Freeze Frame", ambao ni picha ya hali ya injini wakati kosa lilipotokea. Kwa pikapu hii ulionyesha mizunguko 2,400 kwa dakika, mwendo wa kilomita 54 kwa saa, mzigo wa injini asilimia 96, maji nyuzi 88, na shinikizo la hewa ya nje 81 kPa. Namba hizo zinanieleza kwamba injini ilikuwa ya moto wa kawaida, ilikuwa inafanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake, na gari lilikuwa juu mlimani. Kosa kama hilo haliwezi kuonekana injini ikinguruma taratibu uani kwa fundi.

Angalia pia misimbo mingine iliyopo. Kama P0299 imekuja pamoja na P0087, yaani shinikizo la dizeli kwenye reli liko chini, anza na filta ya dizeli na njia ya mafuta. Turbo inaishi kwa joto na msukumo wa moshi. Dizeli ikipungua, moshi hauna nguvu, na turbo haiwezi kusukuma kitu hata ikiwa mpya.

Pima hewa ya mahali ulipo

Washa swichi bila kuwasha injini. Kwenye skana tafuta "Intake Manifold Pressure" na "Barometric Pressure". Injini haizunguki, kwa hiyo hewa ndani ya manifoldi ni ile ile ya nje, na namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana sana, zisipishane zaidi ya 2 au 3.

Hapa ndipo watu wanapopotea. Maelezo mengi yanasema utasoma 101 kPa. Hiyo ni hewa ya usawa wa bahari, yaani Mombasa. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ni kama 88 kPa. Mji wa Kabale uko karibu mita 2,000, na utasoma kama 80. Nimeshaona sensa nzima zikitupwa kwa sababu tu zilisoma 88 hapa Kampala. Sensa iliyosoma 101 Kampala ndiyo ya kutiliwa shaka.

Sasa ona maana yake kwa turbo. Kompyuta ikitaka shinikizo la 220 kwenye manifoldi, turbo iliyopo Mombasa inaongeza 119 juu ya hewa ya nje. Kampala inalazimika kuongeza 132, na Kabale 140, tena ikianza na hewa nyepesi zaidi. Magari mengi yana akili ya kushusha shabaha yakiwa juu sana ili kulinda turbo, lakini hata hivyo kazi inakuwa nzito. Ndiyo maana gari linaweza kuzunguka Mombasa bila taa, kisha tundu lile lile dogo kwenye mpira likawasha taa kwenye milima ya Kigezi, huko Kabale. Usimwambie mwenye gari kwamba "ni mlima tu". Turbo nzima na mipira mizima inapanda mlima huo bila kuandika msimbo.

Jaribio barabarani

Mtafute mtu wa pili wa kusoma skana. Dereva haangalii simu. Chagua mpando mrefu usio na msongamano, injini ikiwa imepata moto. Tumia gia ya tatu, anzia mizunguko kama 1,500, kanyaga mafuta mpaka chini na ushikilie hadi 3,000. Msomaji aandike shinikizo linalotakiwa na shinikizo halisi kwenye mizunguko 2,400 hivi.

Shinikizo linalotakiwa mara nyingi halipatikani kwenye programu za bure za simu, bali kwenye skana yenye data za kiwanda cha gari hilo. Tena programu zinazosoma data za kawaida za OBD huishia 255 kPa, kwa sababu namba hiyo inabebwa na baiti moja. Ukiona 255 imesimama pale pale, usidhani kuna kitu kimeganda, kipimo ndicho kilichofika mwisho.

Pikapu yetu ilitakiwa 220, ikafikisha 148. Toa 88 ya Kampala: turbo ilikuwa inaongeza 60 tu badala ya 132. Kwenye mizunguko 1,800, hata hivyo, pengo lilikuwa dogo, chini ya 15. Hiyo ni alama muhimu. Mapezi yakiwa yameganda wazi, udhaifu huonekana tangu chini, gari linakuwa zito hata kuondoka. Shinikizo likianza vizuri kisha likabaki nyuma kadiri mizunguko inavyopanda, fikiria kwanza kitu kinachofunguka kikisukumwa.

Hatua ya kwanza: macho na vidole

Toa filta ya hewa. Kwa gari linalopita barabara za moramu, filta ya miezi mitatu inaweza kuwa nyekundu na nzito kama tofali, na hiyo peke yake inatosha kunyima turbo hewa. Angalia pia mpira unaotoka kwenye filta kwenda turbo usiwe umejikunja ndani.

Kisha pitisha mkono chini ya kila mpira kuanzia turbo hadi intakula na kuanzia intakula hadi manifoldi, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Tafuta unyevu wa oili uliochanganyika na vumbi. Utando mwembamba wa oili ndani ya mipira ni wa kawaida, unatoka kwenye mpira wa kupumulia wa injini. Lakini oili iliyotoka nje na kushika vumbi mahali pamoja inaonyesha hewa inapotokea. Mipira hupasuka sana upande wa chini, kwa sababu oili hukusanyika huko na kulainisha raba, na huko macho hayafiki. Shika kila klipu uizungushe. Ikizunguka kwa mkono, imelegea.

Mpira wa pikapu hii ulikuwa na doa kama la kiganja upande wa chini, karibu na manifoldi. Nilipoukunja kwa mkono sikuona ufa. Doa ni dalili tu, na sikutaka mama alipe kwa kubahatisha, hivyo tukaendelea.

Hatua ya pili: vakyumu

Turbo nyingi za dizeli zina mapezi madogo yaliyopangwa kulizunguka gurudumu la moshi. Yakijifunga, moshi unapita kwa kasi na turbo inazunguka sana, yakifunguka, inapungua. Kwenye magari mengi mapezi yanavutwa na kikopo cha vakyumu kupitia fimbo fupi, na solenoidi inayoamriwa na kompyuta inagawa vakyumu hiyo. Mengine yanatumia mota ya umeme, na hayo yanataka skana yenye uwezo wa kuiamuru mota; usiisukume fimbo yake kwa bisibisi.

Weka geji ya vakyumu kwenye mpira unaotoka pampu, injini ikinguruma. Hapa pia urefu wa nchi unahusika. Kampala, hewa yote iliyopo ni sawa na inchi 26 za zebaki, kwa hiyo hakuna pampu itakayokuonyesha 28 kama vitabu vya pwani vinavyosema. Ukipata 21 hadi 23, pampu ni nzima. Chini ya 18, tafuta mpira uliopasuka au pampu iliyochoka. Na tafadhali, kanyaga breki: kwenye magari mengi ya dizeli pampu hiyo hiyo ndiyo inayolainisha breki. Pedeli ikiwa ngumu, gari hilo lisirudi barabarani hata siku moja kabla ya kutengenezwa. Nguvu ya mlimani inaweza kusubiri, breki haiwezi.

Kisha unganisha pampu ya mkono moja kwa moja kwenye kikopo. Fimbo ivutwe taratibu, bila kukwama, ibaki hapo dakika nzima bila geji kushuka, na irudi laini ukiachia. Geji ikishuka, kikopo kimetoboka. Fimbo ikikwama katikati, masizi yameshika mapezi. Hiyo hutokea sana kwa magari yanayokaa kwenye msongamano siku nzima bila kupata safari ndefu. Mapezi yaliyokwama upande wa kufunga huleta kosa la kinyume, P0234, yaani shinikizo kuzidi. Misimbo hiyo miwili ikibadilishana kwenye gari moja, mapezi ndiyo nayaangalia kwanza.

Pikapu yetu ilisoma 22, na fimbo ilienda na kurudi bila tatizo. Solenoidi nayo ilipitisha vakyumu ilipoamriwa. Mpaka hapo turbo ilikuwa imepata ushahidi mzuri wa kuitetea.

Hatua ya tatu: jaza hewa, injini ikiwa imezimwa

Jaribio hili linamaliza ubishi, na kompresa ya fundi wa pancha inatosha, mradi iwe na kidhibiti cha shinikizo.

Fungua mpira unaotoka kwenye filta na kuingia turbo. Kama sensa ya kupima hewa iko kwenye njia hiyo, iache nje ya jaribio. Ziba mdomo huo kwa kizibo imara chenye valvu ya tairi katikati; mimi natumia kipande cha bomba la plastiki kilichofungwa vizuri upande mmoja. Kaza kwa klipu mbili. Mpira wa kupumulia wa injini huungana hapo karibu na turbo: utenganishe na uzibe tundu lake, la sivyo hewa itaingia kwenye injini chini na kusukuma sili za oili.

Anza na 5 psi kwenye geji ya kompresa. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye mipira, viungio vya intakula, gasketi ya manifoldi na valvu ya EGR, ile inayorudisha moshi kidogo kwenye hewa ya injini. Panda polepole hadi 12, usivuke 15. Hiyo 15 ni karibu 100 kPa, inatosha kabisa kuonyesha tundu. Simama pembeni, usiwe mbele ya kizibo. Kikichomoka kinapiga kama jiwe. Mlio mdogo wa hewa kutoka ndani ya injini ni wa kawaida, kwa sababu valvu fulani huwa ziko wazi. Ukikusumbua, zungusha krenki kidogo kwa spana.

Kwa 5 psi pikapu ilikuwa kimya. Kwa 8, sabuni ikaanza kutoa mapovu pale kwenye doa. Kwa 12, mpira ulifunguka kama mdomo, ufa wa urefu wa kidole gumba, na hewa ikatoka kwa kishindo. Tulipoachia hewa ukajifunga tena, usionekane. Ndiyo sababu gari tupu lilienda vizuri: shinikizo halikufikia kuufungua ufa.

Tuliweka mpira mpya wenye nyuzi ndani. Usiwekee sehemu hii mpira wa maji ya rejeta, hata kama kipenyo kinalingana. Unavimba kama puto. Gundi na utepe ni vya kukufikisha nyumbani, na hata hapo ukiendesha taratibu bila mzigo.

Halafu dereva akasema jambo ambalo ningependa angelisema asubuhi: "Huu mpira tuliubadilisha miezi mitano iliyopita." Raba nzuri haipasuki kwa miezi mitano bila sababu. Nilimwomba awashe injini, akanyage breki, aingize gia na kuachia klachi kidogo, huku mimi nimesimama pembeni ya gari. Injini iliinuka upande mmoja. Maunti ya kulia, yaani raba inayoshikilia injini, ilikuwa imekatika, na kila mara gari lilipovuta mzigo, injini ilikuwa inauvuta mpira. Tukabadilisha maunti pia.

Tulifuta msimbo na kurudi kwenye mpando ule ule, gia ile ile. Ilitakiwa 220, ikafika 214. Pengo la 6 ni la kawaida.

Ikiwa mipira na vakyumu ni vizima

Sikiliza manifoldi ya moshi injini ikiwa baridi. Mlio wa tik-tik unaofifia ikipata moto, pamoja na alama nyeusi ya masizi, ni ufa unaopoteza moshi kabla haujafika turbo. Chunguza pia ekzosi iliyoziba. Injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine.

Ndipo ufungue mdomo wa turbo, injini ikiwa baridi, ushike shafti kwa vidole. Kutikisika kidogo kushoto na kulia ni kawaida, kwa kuwa bushi zake huelea kwenye oili. Kusogea mbele na nyuma kunakohisika waziwazi si kawaida, wala majani ya gurudumu yaliyomeguka au yaliyokwangua nyumba yake. Ukiona hivyo, au moshi wa bluu ukiandamana na mlio mkali kama king'ora, acha kuendesha gari. Turbo inayomwaga oili kwenye njia ya hewa inaweza kuilisha injini ya dizeli oili yake yenyewe, ikazunguka bila kuzimika hata ukitoa ufunguo.

Turbo ikibadilishwa, badilisha pamoja nayo paipu nyembamba ya kuileta oili, badilisha oili na filta, na uoshe intakula, maana vipande vya turbo ya zamani vimelala humo. Mimina oili safi kwenye tundu la turbo mpya kabla ya kufunga paipu, na zungusha injini kwa stata bila kuiruhusu iwake mpaka taa ya oili izimike. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na sekunde chache bila oili zinaiharibu.

Kwa wenye gari la petroli

Njia ya hewa ni ile ile na jaribio la sabuni ni lile lile. Tofauti ni kwamba turbo nyingi za petroli hazina mapezi hayo. Zina mlango mdogo unaopitisha moshi pembeni. Mlango huo ukilegea kwenye pini yake utausikia ukigongagonga injini ikinguruma, na shinikizo halitapanda. Kitu cha pili ni valvu inayoachia hewa unapoondoa mguu kwenye mafuta: diaframu yake ya raba hupasuka, na hewa inazunguka bila kuingia injini. Moshi mweusi usiutegemee hapa, kwa sababu kompyuta hupunguza petroli ilingane na hewa. Utahisi tu gari limekuwa dhaifu.

Taa ikiwaka ukiwa njiani

Shusha gia, ondoa mguu kwenye mafuta, usijaribu kupita lori lolote. Nguvu uliyoizoea haipo. Simama mahali salama, uangalie taa ya oili, joto la maji na rangi ya moshi. Moshi mweusi peke yake unakuruhusu kuendelea polepole hadi kwa fundi. Moshi wa bluu, taa ya oili, au mlio wa chuma kukwangua chuma, ita gari la kukuvuta. Na ukishamaliza kupanda na mzigo, iache injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili oili iendelee kupoza shafti.

Yule dereva alinipigia simu wiki iliyofuata akiwa amefika Kabale na kugeuza na magunia yake. Nilimuuliza kuhusu moshi, akasema hakuuona kwenye kioo. Nikamwomba asimame, afungue boneti, apitishe kidole chini ya mpira mpya. Kilikuwa kikavu.